Arifa ya chakula cha mchana: itume kabla mtu hajaamua atakula nini

Swali: Tuna programu ya kuagiza chakula hapa Dar, wateja wetu wengi wako maofisini Posta na Kisutu. Kila siku ya kazi saa sita kamili mchana tunawatumia wote arifa, mfano "Una njaa? Agiza sasa upate chakula kitamu!" Mwanzoni oda zilipanda, sasa wengi wamezima arifa, na bodaboda wanalalamika kwamba wakifika getini mteja hana habari. Tuandikeje ili watamani kuagiza bila kuwachosha?

Jibu: Maneno yenu yana shida, lakini saa ndiyo inayowaumiza zaidi, kwa hiyo tuanze na saa.

Chukua karani wa ofisi ya Posta anayetaka kula saa saba. Rudisha hesabu nyuma. Jiko la Kisutu lenye chakula kilichokwisha kuiva linahitaji kama dakika 20 kupokea oda, kupakua, kufunga na kumkabidhi dereva. Bodaboda kutoka Kisutu hadi Posta mchana, pamoja na kutafuta jengo lenyewe, mpe dakika 15. Mlinzi, kitabu cha wageni na lifti huchukua dakika 5. Hizo ni 40. Ongeza 10 za akiba, kwa sababu kila siku kuna kitu kimoja kitakachochelewa. Maana yake oda inatakiwa iwe imeingia ifikapo saa 6:10. Mtu naye hutumia muda kuamua: anamuuliza jirani wa meza kama waagize pamoja, anaangalia salio la simu, anaitwa na bosi katikati ya hayo yote. Arifa ikimfikia kati ya saa 5:25 na saa 5:45, ana nafasi ya kufanya hayo bila presha.

Arifa yenu ya saa sita kamili inamwachia dakika 10 tu. Wengi wa wanaoiona wameshamwagiza mhudumu wa ofisi akalete wali kwa mama ntilie, au wameshakubaliana na wenzao waende wapi. Kwao haileti ushawishi wowote, inawasumbua tu. Mtu akipokea ujumbe usiomsaidia siku tano mfululizo, siku ya sita anaubonyeza kwa muda mrefu na kuzima. Kosa halikuwa hamu ya kuuza. Mlimfikia akiwa ameshaamua.

Hapo kuna mtego wa saa zetu wenyewe. Anayepanga matangazo anaandika "5:30" akimaanisha saa tano na nusu asubuhi, fundi anaiingiza kwenye seva kama 05:30, na watu wanaamshwa alfajiri na habari za pilau. Au fundi anaweka 11:30 sawasawa, lakini seva inahesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, arifa inatoka saa nane na nusu mchana. Dar iko saa 3 mbele ya UTC, kwa hiyo saa tano na nusu asubuhi ni 11:30 kwa saa za ukutani na 08:30 kwenye seva. Kwenye jedwali la mipango wekeni saa zote tatu, kila moja na safu yake. Ni kazi ya dakika moja, na inazuia kosa ambalo mteja hasamehi.

Msitume kwa wote kwa mpigo mmoja. Hapa jiko ndilo linaloamua idadi. Tuseme jiko lenu linaweza kufunga sahani moja kila dakika. Kuanzia saa 5:25 hadi saa 6:10 ni dakika 45, yaani sahani 45. Tuseme 20 kati ya hizo zinachukuliwa na watu ambao hawamo kwenye orodha yenu ya arifa, wakiwemo wanaokula palepale. Zimebaki 25. Kama kumbukumbu zenu zinaonyesha kwamba katika kila watu 100 wanaotumiwa arifa 4 huagiza, jiko hilo linabeba arifa za watu kama 600 kwa siku. Wagawe mafungu matatu ya 200: saa 5:25, saa 5:35 na saa 5:45. Mkiwatumia watu 2,000 saa ileile, oda 80 zitaingia kwenye jiko lenye nafasi ya 25, chakula kitafika saa nane, na arifa iliyoahidi saa saba itakuwa imesema uongo. Anayesoma arifa ya kesho ndiye huyo aliyekula saa nane leo.

Nani aingie fungu lipi? Angalieni saa ambayo kila mtu huagiza kwa kawaida. Panga oda zake za mchana kumi za mwisho kwa saa, chukua ya katikati, rudi nyuma dakika 20 hadi 25. Anayeagiza saa 5:50 apokee saa 5:25, anayeagiza saa 6:10 apokee saa 5:45. Mwenye oda chini ya tatu aende fungu la kati. Msipige wastani, kwa sababu oda moja ya saa tisa ya siku ya kikao kirefu itauvuta wastani mahali ambapo mtu huyo hayupo.

Ujumbe uliochelewa uache kufika

Jambo hili watu wengi hawalijui, na kwetu hapa lina uzito kuliko kwingine. Mteja wako anazima data asubuhi ili bando lifike jioni. Au simu yake ina mfumo mkali wa kutunza betri unaoziba programu zisizotumika. Arifa ya saa 5:30 inasubiri kwenye seva za Firebase, huduma ya Google ya kupeleka arifa, na akiwasha data saa kumi na moja jioni, inaingia: "Agiza chakula cha mchana." Msipotaja muda wowote, Firebase huutunza ujumbe hadi wiki 4. Mtu anayewasha data mara moja kwa siku anaweza kupokea kila arifa yenu ya mchana jioni, tena bila nyinyi kujua, kwa kuwa kwenye ripoti inaonekana imetumwa vizuri.

Dawa ni kuupa ujumbe muda wa kufa. Kwa Android unaandikwa kwa sekunde. Kwa iPhone unaandikwa kama saa halisi ya mwisho kwa hesabu ya Unix, yaani idadi ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Mfano wa arifa itakayotumwa saa 5:30 asubuhi Jumanne tarehe 12 Mei 2026 na kufa saa 6:10 mchana, yaani dakika 40 baadaye:

```json
{
  "message": {
    "token": "TOKENI_YA_SIMU",
    "notification": {
      "title": "Wali na samaki wa nazi, 8,000",
      "body": "Agiza kabla ya saa 6:10, saa 7 kimefika. Bei na kuletewa."
    },
    "android": {
      "ttl": "2400s",
      "collapse_key": "mchana",
      "notification": { "channel_id": "mchana", "tag": "mchana" }
    },
    "apns": {
      "headers": {
        "apns-expiration": "1778577000",
        "apns-collapse-id": "mchana"
      }
    }
  }
}
```

Zile `collapse_key`, `tag` na `apns-collapse-id` zinahakikisha arifa mpya ya mchana inachukua nafasi ya ile ya zamani, zisirundikane tatu tatu kwenye skrini ya mtu aliyekuwa kikaoni.

Bado kuna arifa iliyofika kwa wakati lakini haikusomwa. Inakaa pale juu hadi jioni. Kuanzia Android 8 fundi anaweza kutumia `setTimeoutAfter`, arifa ikajifuta yenyewe saa 6:10 ikifika. Ila hilo linawezekana pale programu yenu inapoijenga arifa yenyewe kutokana na ujumbe wa `data`. Mkituma kwa mtindo wa `notification` kama hapo juu, programu ikiwa imefungwa mfumo wa simu ndio unaoionyesha, na muda huo hauna pa kuwekwa. Kwenye iPhone hakuna kujifuta kwa uhakika, ndiyo sababu saa ya mwisho lazima iandikwe ndani ya maneno. Mtu akiisoma saa tisa, ajue mara moja kwamba imepita.

Maneno yenyewe

Sasa tuushike ujumbe wenu: "Una njaa? Agiza sasa upate chakula kitamu!" Msomaji hapati humo jambo lolote asilolijua. Hajui ni chakula gani, ni bei gani, wala kitafika saa ngapi, na hayo matatu ndiyo anayoyapima kichwani saa tano na nusu. Ili ayapate inabidi afungue programu, asubiri ipakue picha, apekue menyu. Mnamwomba kazi badala ya kumpunguzia.

Anza na jina la chakula, tena kimoja. "Vyakula mbalimbali" havitamanishi, wali na samaki wa nazi unatamanisha. Kisha bei, na iwe ile atakayolipa mwisho. Chakula kikiwa 6,000 na kuletewa 2,000, andikeni 8,000. Mtu akivutwa na 6,000 halafu akakutana na 8,000 kwenye ukurasa wa malipo, mara nyingi haachi oda hiyo tu, anaacha kuamini bei yoyote mtakayoiandika baadaye. Hapo ndipo kichwa cha arifa kinapotoka: "Wali na samaki wa nazi, 8,000". Ni herufi 29 ukihesabu na nafasi, zinakaa kwenye mstari mmoja wa simu ya kawaida.

Mstari wa pili ubebe muda. Skrini ikiwa imefungwa, simu nyingi za Android zinaonyesha kama herufi 40 za mwanzo za mstari huo na kukata zilizobaki. Mngeandika "Bei na kuletewa. Agiza kabla ya saa 6:10, saa 7 kimefika", kipande kinachokatwa kingekuwa kile cha saa saba, yaani kile anachokitaka zaidi. Kigeuzeni: "Agiza kabla ya saa 6:10, saa 7 kimefika. Bei na kuletewa." Hadi neno "kimefika" na nukta yake ni herufi 40 kamili. Kikikatwa baada ya hapo, hakikupotea kitu cha lazima. Jaribuni kwenye simu mbili au tatu za bei ya chini ambazo wateja wenu wanazo kweli, maandishi yakiwa yameongezwa ukubwa na simu imefungwa, kabla ya kutuma kwa yeyote.

Picha ndogo za uso au sahani, moja inatosha, na ikae mwisho. Ikikaa mwanzo inakula nafasi ya neno linalouza.

Achaneni na "Ndugu mteja". Mitandao ya simu na benki wamelitumia kwa miaka hadi macho yanaliruka yenyewe, na linakula herufi 11 za mwanzo. Jina la mtu nalo halisaidii hapa. "Habari Asha," inasogeza samaki pembeni, na kwa aliyejisajili bila kujaza jina inatoka "Habari ," au, vibaya zaidi, alama za fundi zenyewe. Semeni naye moja kwa moja kwa umoja: "Agiza", si "Agizeni" wala "Wateja wetu mnakaribishwa".

Kuna maneno ya kukataa kabisa. "Umetusahau?" linamsuta mtu kwa kula alikotaka. "Oda yako inakusubiri" wakati hakuagiza ni ulaghai, na litamfanya aache kuamini ujumbe wa kweli wa oda. "Zimebaki sahani 3!" liandikwe pale tu jiko limethibitisha kwamba zimebaki tatu, na kwa idadi ya watu wanaolingana na sahani hizo. Mzaha wa kimapenzi unaochekesha siku ya kwanza, ukitokea kwenye simu iliyo juu ya meza ya kikao au mkononi mwa mke wa mtu, hauchekeshi tena.

Akiibonyeza, afike wapi? Afike kwenye sahani hiyo hiyo, anuani ya ofisi ikiwa imeshajazwa na njia yake ya malipo ya mwisho imechaguliwa, abakize kuthibitisha tu. Mkimpeleka ukurasa wa mwanzo atafute samaki upya, ahadi ya arifa imevunjwa kwenye mguso wa kwanza. Samaki wakiwa wamekwisha, mwambieni hivyo kwenye ukurasa huo na mumwonyeshe sahani mbili za bei ya karibu kutoka jiko lilelile. Na kabla ya kila fungu kutumwa, seva iulize jiko: sahani bado ipo? Kama fungu la saa 5:35 limemaliza samaki, fungu la saa 5:45 lipate chakula kingine au lisitumwe.

Siku za kunyamaza

Kuwachosha watu hakuponywi na maneno mazuri. Mtu mmoja asipate zaidi ya arifa moja ya mchana kwa siku, na kwa wiki ya kazi mbili zinatosha kuanzia. Aliyeagiza tayari leo aondolewe kwenye orodha dakika ileile, siyo usiku orodha inapotengenezwa upya. Hakuna kinachoudhi kama kushawishiwa kununua chakula wakati unasubiri ulicholipia. Aliyepokea nne mfululizo bila kugusa hata moja ashushwe hadi moja kwa wiki, na akipuuza nne nyingine, nyamazeni hadi aagize mwenyewe. Huyo hajawakataa bado, na mkinyamaza mapema hatakuwa na sababu ya kuwazima.

Mvua kubwa ikinyesha Dar, hasa masika, wengi wanataka kuletewa lakini madereva wachache wako barabarani. Zile dakika 15 za Kisutu hadi Posta zinaweza kuwa 40. Siku hiyo ama mrudishe saa ya mwisho hadi 5:45 na kutuma mapema zaidi, ama msitume. Oda zitakuja zenyewe, na arifa ingewaongezea tu watu watakaokasirika.

Ijumaa kuna wanaokwenda swala na kula baadaye. Ile saa ya katikati ya kila mtu, mkiihesabu kwa siku ya wiki badala ya wiki nzima, itaonyesha hilo bila nyinyi kuuliza dini ya mtu. Ijumaa pia ni siku ya pilau na biriani, kwa hiyo chakula cha arifa kibadilike.

Ramadhani ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Msibahatishe kwa jina: kuna Hamisi asiyefunga na John anayefunga na mkewe. Siku chache kabla mwezi haujaanza, wekeni ndani ya programu, siyo kwa arifa, chaguo la kusimamisha arifa za mchana kwa mwezi huo au kuzihamishia jioni kwa ajili ya futari. Asiyechagua chochote, fuateni mwenendo wake. Akipitisha siku tatu za kazi bila kuagiza mchana wakati kawaida huagiza, nyamazeni hadi Idi ipite. Chaguo hilohilo liachwe wazi kwa wanaofunga Kwaresima.

Bei nayo ina tarehe. Mshahara ukishatoka mwishoni mwa mwezi, sahani ya 12,000 inasomeka vizuri. Tarehe 15 hadi 22 mtu yuleyule anatafuta wali maharage na mchicha. Angalieni alichonunua katika tarehe hizo mwezi uliopita, mkae ndani ya kiwango hicho.

Mlango wa dereva usifungwe na mlango wa samaki

Malalamiko ya bodaboda wenu yana chanzo kimoja kinachoonekana: arifa zote mmeziweka kwenye mkondo mmoja. Tangu Android 8, programu inaweza kugawa arifa zake katika mikondo, na mteja anaweza kuzima mmoja akaacha mingine. Mkiwa na mmoja tu, aliyechoshwa na "Una njaa?" hana namna ya kuzima hiyo peke yake. Anazima yote, pamoja na "Dereva yuko getini".

Tengenezeni mikondo miwili. Wa oda uwe na sauti na uchomoze juu ya skrini. Wa mchana uwe wa kiwango cha chini, usipige kelele, ukae tu kwenye orodha. Fikirini vizuri kabla ya kuuanzisha, kwa sababu mkondo ukishaundwa kwenye simu ya mtu, programu haiwezi tena kuupandisha kiwango, mwenye simu ndiye anayeweza. Majina yaandikwe kwa lugha ya mtu: "Oda yangu na dereva" na "Chakula cha mchana". Mtu akiingia kwenye mipangilio akiwa na hasira, majina hayo ndiyo yatakayookoa mkondo wa dereva. iPhone haina mikondo ya namna hiyo, kwa hiyo huko wekeni swichi mbili ndani ya programu yenu na seva iziheshimu.

Ruhusa iombwe mahali pake. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu haionyeshi arifa kabla mtu hajakubali, kama ilivyo siku zote kwenye iPhone. Mkimwuliza anapofungua programu mara ya kwanza, hajui atapata nini, anakataa. Mwulizeni akishalipia oda ya kwanza: "Tukujulishe dereva akifika?" Hapo jibu ni ndiyo kwa wengi, kwa kuwa anaona faida yake. Arifa za mchana ziombwe peke yake, baada ya oda ya pili au ya tatu ya mchana, na aambiwe kiasi: "Tukuonyeshe chakula cha siku kabla ya saa 6? Mara mbili kwa wiki." Mwacheni achague siku. Aliyechagua Jumanne na Ijumaa mwenyewe haoni arifa ya Jumanne kama usumbufu. Hata kisheria ndiyo njia salama: masharti ya Apple yanakataza arifa za matangazo bila ridhaa ya wazi na bila njia ya kujitoa ndani ya programu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Chini ya arifa yenyewe wekeni vitufe viwili: "Agiza" na "Si leo". Cha pili kinaifuta arifa na kuwaambia nyinyi kwamba mtu ameona, hana haja leo. Akikibonyeza mara tatu mfululizo siku za Jumanne, ondoeni Jumanne yake. Bila kitufe hicho, njia pekee aliyonayo ya kusema "si leo" ni kuzima moja kwa moja.

Mtajuaje imefanya kazi

Msihesabu waliobonyeza. Wengi wao wangeagiza hata msingewatumia kitu, arifa imekuwa njia ya mkato tu. Tengeni kundi la watu wanaostahili kutumiwa lakini hawatumiwi, wachaguliwe kwa bahati nasibu na wabaki kundini humo kwa kipindi chote cha jaribio. Kisha linganisheni oda za mchana za makundi yote mawili, ziwe zimepitia kwenye arifa au la.

Mfano wa hesabu. Kwa wiki tatu mmetuma arifa 3,600, na kundi lililotengwa lilikuwa na nafasi 400 za kutumiwa ambazo hamkuzitumia. Waliotumiwa wameagiza mara 162, yaani asilimia 4.5. Waliotengwa wameagiza mara 15, yaani asilimia 3.75. Bila arifa, wale 3,600 wangeagiza kama mara 135. Faida ya kweli ni sahani 27. Ripoti ya programu inaweza kuonyesha oda 108 "kutoka kwenye arifa", na mtu akaishangilia.

Angalieni pia jinsi kundi dogo linavyoyumba. Waliotengwa wangeagiza mara 18 badala ya 15, asilimia yao ingekuwa 4.5 na faida ingekuwa sifuri. Oda tatu tu zimegeuza hukumu. Kwa ukubwa wenu, tengeni robo ya watu badala ya moja ya kumi, na msitoe uamuzi kabla ya wiki sita hadi nane.

Upande wa pili wa mizani ni waliozima. Kila programu inapofunguliwa, isome kama arifa zinaruhusiwa na kama mkondo wa mchana uko wazi, ipeleke jibu kwenye seva pamoja na tarehe. Walioifuta programu kabisa hawatafungua tena, lakini Firebase itarudisha `UNREGISTERED` mkijaribu kuwatumia, japo kwa kuchelewa. Hesabuni makundi matatu tofauti: waliozima mchana peke yake, waliozima zote, na walioondoka. Wa kwanza bado ni mteja na dereva atampata. Wa pili na wa tatu ndio hasara.

Sasa wekeni pamoja. Sahani 27, mkibaki na 1,200 kwa kila moja, ni shilingi 32,400. Kama katika wiki hizohizo tatu watu 40 walizima arifa zote, na kwenye kundi lililotengwa hakuzima hata mmoja, mmelipia sahani 27 kwa watu 40 hivi ambao hamuwezi kuwaambia tena kwamba dereva yuko getini. Biashara hiyo haifai. Kabla ya kubadili neno lolote, ondoeni kwenye orodha wote waliopuuza nne za mwisho, rudieni wiki sita nyingine kwa chakula na bei za kiwango kilekile, kisha mfanye hesabu hiyo upya kwa waliobaki.